Asilimia 32 ni Salfa Kiasi Gani? Kuiandika Upya Ikisiri ya Utafiti kwa Wakulima wa Korosho

Hotuba kwa watafiti vijana na maafisa ugani, Mtwara

Wakubwa shikamooni, vijana hamjambo. Nashukuru kwa kuitwa. Nimepewa saa moja nizungumze juu ya kuwaandikia wananchi matokeo ya utafiti, na nimeamua saa yote niitumie kwenye ikisiri moja tu. Tutaifumua mstari kwa mstari na kuishona upya mpaka iwe kitu unachoweza kukisoma chini ya mwembe kwenye mkutano wa kijiji.

Ikisiri yenyewe nimeitunga mimi kwa ajili ya leo. Namba zake ni za kufundishia, naomba mtu asizipeleke shambani. Lakini nimeiandika kwa mtindo uleule mnaouandika ninyi, na kasoro zake nimezikuta mara nyingi katika kazi za kweli. Inasema hivi:

"Ubwiriunga ni ugonjwa mkuu wa mikorosho kusini mwa Tanzania. Lengo la utafiti lilikuwa kutathmini ufanisi wa upuliziaji wa salfa unaozingatia ukaguzi, ukilinganishwa na upuliziaji wa ratiba. Mashamba 40 yaligawanywa kinasibu katika kundi la afua (n = 20) na kundi la udhibiti (n = 20), mikorosho 25 kwa kila shamba, kwa msimu mmoja. Matumizi ya salfa yalipungua kwa asilimia 32 katika kundi la afua (kilo 0.85 dhidi ya 1.25 kwa mti). Hakukuwa na tofauti ya maana kitakwimu katika mavuno (kilo 8.2 dhidi ya 8.6 kwa mti, tofauti −0.4, masafa ya uhakika ya asilimia 95: −1.3 hadi 0.5; p = 0.38). Upuliziaji unaozingatia ukaguzi hupunguza matumizi ya salfa bila kuathiri mavuno."

Kwa mhariri wa jarida hii ni ikisiri safi. Ina lengo, mbinu, matokeo na hitimisho. Sasa mchukue mkulima wa Tandahimba mwenye mikorosho mia moja. Ameketi kwenye benchi, mkutano umeanza saa nne, jua limeshapanda. Atatoka na nini hapo?

Miaka kadhaa iliyopita nilisoma muhtasari unaofanana na huu katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Newala. Niliona nimeurahisisha vizuri. Nilisema ukaguzi wa shamba unapunguza salfa kwa karibu theluthi moja, na mavuno hayapungui. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Kwa hiyo mwanangu, badala ya mara tano sasa tupulizie mara tatu?" Nikamjibu kwa haraka kwamba inategemea, nikaendelea na ajenda. Msimu uliofuata nilirudi. Baadhi yao walipuliza mara tatu za mwanzo, kwa tarehe zilezile, wakaacha. Hawakukagua kitu. Vishada vilivyochelewa kuchanua vilikuwa vimeganda unga mweupe, na vingine vimeshakauka na kuwa vyeusi kama vilivyopitiwa na moto. Salfa hulinda ua lisiingiliwe na ugonjwa, haifufui ua lililokwisha kufa, kwa hiyo wakati ule hapakuwa na la kufanya. Wale wazee hawakuwa wazito wa kuelewa. Walitekeleza kile walichosikia kinywani mwangu.

Tangu siku ile ninapoandika muhtasari wa wananchi nafikiria kwanza usafiri wake. Maneno yetu hayabaki pale mkutanoni. Aliyesikia anakwenda kumsimulia mkewe kwa Kimakonde, mke anamweleza dada yake kisimani, dada anamwambia mumewe. Katika safari hiyo namba nyingi zinadondoka njiani na masharti yote yanadondoka. Inayofika mwisho ni sentensi moja, ile iliyobeba faida. Kwa hiyo sharti usiliweke kwenye aya ya tatu. Lifunge pamoja na faida ndani ya sentensi ileile, kiasi kwamba mtu hawezi kuibeba moja akaiacha nyingine. "Waliokagua maua kila wiki na kupuliza pale tu walipouona ugonjwa, walitumia salfa kidogo." Hapo, hata msimuliaji mvivu atalazimika kutaja kukagua.

Tuanze sasa kufumua. Maneno mawili yanaondoka bila kesi, nayo ni "kundi la afua" na "kundi la udhibiti". La pili linasikika kama kazi ya polisi. Waite watu kwa walichokifanya: waliofuata ratiba, na waliokagua. "Kinasibu" ni gumu zaidi, kwa sababu ukilirahisisha kwa pupa unaangukia kwenye bahati nasibu, na watu wanafikiri mlikuwa mnachezesha kamari. Mimi nasema tulipiga kura. Tuliandika majina ya mashamba kwenye vikaratasi, kikaratasi kilichotoka ndicho kilichoamua shamba liende upande gani. Halafu naongeza sababu, kwa maana bila sababu kura inaonekana ni uzembe: tungewaacha watu wachague, wakulima hodari wangejazana upande mmoja, na mwishoni tusingejua kama ni njia iliyofanya vizuri au ni uhodari wao. Nimeshasema hivyo vijiji vingi na sijakutana na mtu aliyeshindwa kuelewa. Watu wanazijua kura na wanajua kwa nini kura ni haki.

Asilimia 32. Asilimia ni kipande cha kitu, na mkulima anataka kukiona kitu chenyewe. Kwa hiyo turudi kwenye kilo: 1.25 kwa mti dhidi ya 0.85. Bado ni ndogo mno, hakuna anayenunua salfa kwa mti mmoja. Izidishe kwa shamba linalofanana na la msikilizaji. Mikorosho mia moja kwa ratiba inakula kilo 125, yaani mifuko mitano ya kilo 25. Kwa ukaguzi inakula kilo 85, mifuko mitatu na kilo kumi juu yake. Zimeokolewa kilo 40. Sasa tuna kitu kinachoweza kubebwa mgongoni. Kama wasikilizaji wako wengi wana mikorosho thelathini, piga hesabu ya thelathini. Hapa uliza mapema, usikisie ukiwa ofisini.

Angalieni pia kwamba 0.85 ni wastani. Wastani huo unaweza kutokana na shamba lililohitaji raundi mbili na jirani yake aliyehitaji zote tano, kwa kuwa ubwiriunga hauingii kila shamba kwa kasi moja. Ukiusoma wastani peke yake unageuka kuwa amri: pulizeni mara tatu. Hapo ndipo nilipomkosesha yule mzee. Mwandishi wa muhtasari anapaswa kurudi kwenye jedwali la utafiti, atazame shamba lililotumia kidogo kabisa na lililotumia nyingi kabisa, kisha aseme waziwazi kwamba kuna waliokagua na bado wakalazimika kupuliza raundi zote.

Nakuja kwenye sentensi iliyonifanya nikubali mwaliko huu. "Hakukuwa na tofauti ya maana kitakwimu katika mavuno." Nimeisoma katika tasnifu, katika ripoti, katika mabango ya ukutani. Nimeona ikifasiriwa "hakukuwa na tofauti kubwa", mahali pengine "tofauti ya muhimu", na ikifika kijijini inakuwa "mavuno ni yaleyale". Kila hatua inapoteza kidogo mpaka unafika kwenye jambo ambalo utafiti haukulisema kabisa.

Utafiti ulisema nini? Waliokagua walivuna kilo 8.2 kwa mti, wa ratiba walivuna 8.6. Tofauti ipo, imeonekana, ni pungufu ya kilo 0.4. Ila mashamba yenyewe yanatofautiana sana, udongo, umri wa miti, palizi, kwa hiyo pengo dogo namna hiyo lingeweza kutokea hata kama njia mbili hizi ni sawasawa. Hiyo ndiyo kazi ya p = 0.38. Inasema ushahidi wa kutofautiana ni dhaifu. Haisemi kwamba ushahidi wa kufanana ni imara.

Mtu ameingia ghala la korosho usiku, tochi yake betri zimechoka. Anamulika huku na huku, anatoka anasema sikuona panya. Ana haki kusema hakuona. Hana haki ya kumwambia katibu wa chama cha msingi kwamba ghalani hamna panya. Mashamba ishirini kwa ishirini, msimu mmoja, ndiyo ile tochi.

Ukitaka kujua tochi ina mwanga kiasi gani, tazama masafa ya uhakika. Yanatoka pungufu ya kilo 1.3 kwa mti mpaka nyongeza ya kilo 0.5. Yafanyieni kama tulivyofanya salfa, yazidisheni kwa mikorosho mia. Hesabu za utafiti huu haziwezi kuukataa upungufu wa hadi kilo 130 za korosho. Haziwezi pia kuikataa nyongeza ya hadi kilo 50. Mkulima huyu anaokoa kilo 40 za salfa, na upande wa pili wa mizani kuna korosho ambazo huenda zikapungua kilo 130, huenda zikabaki palepale, huenda zikaongezeka kidogo. Naomba mlitazame hilo kwa makini. Kilo moja ya korosho na kilo moja ya salfa hazina bei moja, kila aliyeko humu anajua. Ikisiri ilihitimisha "bila kuathiri mavuno". Mkulima akiwekewa mizani hii mbele yake, akaweka bei za msimu wake, anaweza kuamua kinyume kabisa na hitimisho, na akawa sahihi.

Kwa hiyo kuandika kwa lugha nyepesi si kuyabadili maneno magumu tu. Ukigeuza namba kuwa mifuko na magunia unagundua mahali ambapo mtafiti amejifungia kwenye sentensi asiyoweza kuitetea. Mimi mara nyingi narudi kwa mtafiti nikiwa na muhtasari mkononi, namwambia, ndugu, hitimisho lako haliingii kwenye Kiswahili cha kawaida, na tatizo si Kiswahili. Wengine wanaudhika. Wengi wanakaa kimya kidogo, kisha wanafungua jedwali lao.

Kama mtafiti alitaka kweli kusema mavuno hayapungui, alipaswa kuamua kabla ya kuanza ni upungufu wa kiasi gani unavumilika, tuseme nusu kilo kwa mti, halafu atafute mashamba ya kutosha kuonyesha kwamba upungufu haufiki hapo. Na mashamba ya kutosha ni mengi. Kuyapunguza masafa haya yawe nusu ya upana wake kunahitaji mashamba mara nne, yaani 160 badala ya 40. Ni gharama, najua. Lakini asiyeweza kununua mwanga huo aseme tu kwamba hakuona panya.

Kitu kingine hakimo kabisa kwenye ikisiri, nacho ndicho mkulima atakiuliza kwanza: nani alikagua? Kukagua si kupita shambani na kutazama juu. Unakwenda asubuhi, unachagua miti kadhaa iliyotawanyika shambani, si ile ya kando ya njia, unavuta chini kishada na kukigeuza. Unatafuta vumbi jeupe kama unga wa muhogo kwenye vikonyo vya maua na kwenye majani machanga, mwanzoni ni doa dogo unaloweza kulipita ukidhani ni vumbi la barabara. Unahesabu vishada ulivyovitazama na vyenye ugonjwa. Halafu unarudi wiki inayofuata, na inayofuata, kwa kipindi chote cha maua, kuanzia Juni mpaka Septemba. Ikiwa katika utafiti kazi hiyo ilifanywa na wataalamu waliofika kwa pikipiki kila wiki, basi kilo 0.85 ni matokeo ya macho yao. Macho ya mkulima yanaweza kuwa mazuri kuliko yao, lakini hilo halijapimwa. Lazima isemwe, na isemwe karibu na matokeo, isiachwe chini kabisa pamoja na shukrani.

Haya, tushone. Tuchukulie kwamba tumerudi kwa mtafiti na ametujibu: ratiba ilikuwa raundi tano, wataalamu wake ndio waliokagua, na jedwali lake lina mashamba yaliyokaguliwa na bado yakahitaji raundi zote. Muhtasari wangu wa kwanza ulikuwa huu:

"Tulitaka kujua: je, mkulima anaweza kutumia salfa kidogo kwa kukagua maua kwanza, badala ya kupuliza kwa tarehe? Tuliyapigia kura mashamba 40. Nusu yalipulizwa kwa ratiba, mara tano kwa msimu. Nusu yalikaguliwa kila wiki, na yakapulizwa pale tu ugonjwa ulipoonekana. Wataalamu wa utafiti ndio waliokagua.

Waliokagua kila wiki walitumia salfa kidogo. Kwa mikorosho mia moja, ratiba ilitumia mifuko mitano ya kilo 25, ukaguzi ulitumia mifuko mitatu na nusu hivi. Si mashamba yote yaliyookoa salfa: mengine yalikaguliwa na bado yakahitaji raundi zote.

Kuhusu mavuno hatuna uhakika. Kwa mikorosho mia moja, waliokagua walivuna korosho kilo 40 chache kuliko waliofuata ratiba. Huenda ni tofauti za mashamba tu. Lakini huenda upungufu wa kweli ukafika kilo 130, au pasiwe na upungufu kabisa, au pawe na nyongeza ya hadi kilo 50. Tulipima msimu mmoja tu.

Utafiti huu hausemi mpulize mara tatu. Asiyeweza kukagua kila wiki, utafiti huu haumpi sababu ya kupunguza raundi."

Hesabuni, ni aya nne fupi. Ukiusoma kwa sauti ya mkutano haufiki dakika mbili. Swali limetangulia kwa sababu ni swali la mkulima, na ugonjwa wenyewe sikuufafanua, hakuna mkulima wa korosho mkoani hapa anayehitaji kufundishwa na mimi ubwiriunga ni nini. Watafiti wengi wanamaliza nusu ya muhtasari wakimweleza mkulima ugonjwa ambao ameishi nao tangu utoto. Lile neno "hatuna uhakika" wengine wanaliogopa, wanadhani watadharauliwa. Uzoefu wangu ni tofauti. Mkulima anayepanda kila mwaka bila kujua mvua itakuwaje hashtuki kuambiwa jambo halijajulikana. Anashtuka akishaambiwa limejulikana, kisha akajikuta ghala li tupu.

Kabla ya kuupeleka mkutanoni, muhtasari unajaribiwa. Msiulize "mmeelewa?" Kwetu swali hilo lina jibu moja, ndiyo, kwa heshima. Soma kwa sauti kwa watu watano au sita, mmoja mmoja, kisha karatasi uifiche. Muulize: ukifika nyumbani utasimuliaje? Halafu: Juni ikifika, utafanya nini shambani kwako? Unaandika majibu yao kama yalivyotoka. Mmoja akipotoka, huenda ni siku yake. Wawili wakipotoka mahali palepale, sentensi yako ndiyo mbovu, irekebishe na utafute watu wengine wapya, maana wale wa kwanza wameshaizoea.

Wiki iliyopita niliusoma huu kwa watu watano wa hapa Mtwara Vijijini, nikiwa nimewaeleza kwanza kwamba ni zoezi. Wanne walitaja kukagua bila kuulizwa, nikafurahi. Lakini wawili walipofika kwenye mavuno walisimulia, "anayekagua atapoteza kilo 130." Tazameni, namba kubwa ilikuwa imezimeza zile nyingine, na kosa langu lilikuwa kuzipanga zote kwenye sentensi moja ndefu iliyoanza na ile ya kutisha. Nikaikata: "Huenda mavuno hayabadiliki. Huenda yakapungua, na katika hali mbaya kabisa ambayo hesabu zetu zinaikubali, upungufu ni kilo 130. Huenda pia yakaongezeka kidogo. Utafiti huu haujaweza kutuambia ni ipi kati ya hizo." Nikaisoma kwa wengine watatu. Wote watatu walisema, kila mtu kwa maneno yake, kwamba bado haijajulikana.

Wa tano katika lile kundi la kwanza alikuwa mama mwenye mikorosho arobaini aliyoachiwa na marehemu mumewe. Alisikiliza mpaka mwisho, hakusimulia chochote. Aliuliza, "Mimi mwanangu macho yamechoka, vishada vya juu sivioni. Nani atanikagulia?" Swali hilo halimo kwenye ikisiri wala halikuwamo kwenye muhtasari wangu. Nimeongeza mstari mmoja chini: "Asiyeweza kukagua mwenyewe, amuulize afisa ugani wa kata kama kuna anayeweza kumsaidia kila wiki kwa kipindi chote cha maua, kama hayupo, aendelee na ratiba yake."